Bei Ilibadilika Mstari Gani?

Uumbizaji wa masharti ni uwezo wa programu ya lahajedwali, kama Excel, kuipa seli rangi au mpaka pale sharti fulani linapotimia, bila kuigusa thamani iliyoandikwa ndani yake. Sharti linaweza kuihusu seli yenyewe, kwa mfano kwamba nambari imezidi 1,000. Linaweza pia kuihusu seli jirani, na hapo ndipo anapofaidika sana mtu anayetunza kumbukumbu ndefu: kila mstari ambao thamani yake katika safu moja inatofautiana na thamani iliyo juu yake moja kwa moja hupakwa rangi. Jicho lililochoka kushuka mistari mia tano ya nambari zinazofanana huelekezwa palepale zilipoacha kufanana.

Kanuni hii haifai kila safu. Inafaa safu ambayo thamani yake hukaa vilevile kwa muda, kisha ikahama. Mfano mzuri ni bei ya dizeli katika daftari la mwenye lori wa Mombasa. Nchini Kenya, bei za juu kabisa za petroli, dizeli na mafuta ya taa hutangazwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA, tarehe 14 ya kila mwezi, na hutumika kuanzia tarehe 15 hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Tanzania ina utaratibu wa jamaa moja na huo, ambapo EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kwa hiyo mwenye lori anayejaza mafuta kwenye kituo kilekile, kinachouza kwa bei ya kikomo, hutarajia kuona bei moja kwa takriban siku thelathini, kisha bei nyingine. Safu ya lita haifai kazi hii hata kidogo. Lita hubadilika kila siku, na kanuni ingeipaka rangi karibu safu nzima.

Daftari la mfano lina safu tano: A ni tarehe, B ni mji, C ni lita, D ni bei kwa lita, na E ni jumla ya fedha. Mstari wa kwanza una vichwa, na manunuzi yanaanza mstari wa 2. Bei zifuatazo ni za mfano tu, na safu ya E imeachwa ili jedwali lisomeke kwa urahisi.

```
      A       B         C     D
 1    Tarehe  Mji       Lita  Bei
 2    11/03   Mombasa   120   164.20
 3    12/03   Mombasa    95   164.20
 4    14/03   Mombasa   110   164.20
 5    15/03   Mombasa   120   167.50
 6    16/03   Mombasa   100   167.50
 7    18/03   Voi        80   168.10
 8    19/03   Mombasa   115   167.50
 9    21/03   Mombasa   120   167.50
10    22/03   Mombasa    90   176.50
11    24/03   Mombasa   105   167.50
12    25/03   Mombasa   100   167.50
13    27/03   Mombasa   110   167.50
14    28/03   Mombasa   120   167.50
```

Katika Excel, kazi huanza kwa kuchagua eneo litakalopakwa rangi, kuanzia seli A3 hadi E14. Kisha hufunguliwa "Home", halafu "Conditional Formatting", halafu "New Rule", na kwenye orodha inayojitokeza huchaguliwa "Use a formula to determine which cells to format". Katika nafasi ya fomula huandikwa hivi:

```
=$D3<>$D2
```

Alama `<>` maana yake ni "si sawa na". Baada ya hapo hubonyezwa "Format", ikachaguliwa rangi hafifu ya kujaza seli, na kanuni ikakubaliwa kwa "OK". Rangi hafifu ni bora kuliko nyekundu kali, kwa sababu nambari lazima iendelee kusomeka, na kwa sababu mstari uliopakwa si lazima uwe na kosa.

Eneo limeanzia mstari wa 3 kwa makusudi. Mstari wa 2 ndio ununuzi wa kwanza, na juu yake kuna neno "Bei". Neno na nambari haviwezi kuwa sawa, kwa hiyo mstari wa 2 ungepakwa rangi siku zote bila kumwambia msomaji chochote. Ununuzi wa kwanza hauna wa kulinganishwa nao.

Fomula imeandikwa mara moja, lakini programu huisoma upya kwa kila seli ya eneo lote. Kilichoandikwa ni fomula ya seli ya kwanza, A3. Excel inapofika mstari wa 4 huisogeza hatua moja chini, ikawa `=$D4<>$D3`, na mstari wa 14 huisoma kama `=$D14<>$D13`. Alama ya dola iliyo mbele ya D huifunga safu isisogee, na nambari ya mstari, kwa kuwa haina dola, huachwa huru. Ndiyo maana seli ya tarehe, ya mji na ya lita katika mstari mmoja zote huulizwa swali lilelile kuhusu bei, na mstari mzima ukapakwa rangi kwa pamoja.

Dola ikikosewa, matokeo yenyewe huonyesha ilikosewa wapi. Ikiandikwa `=D3<>D2` bila dola yoyote, seli ya safu A itauliza kuhusu D, ya safu B itauliza kuhusu E, na ya safu C itauliza kuhusu F, ambayo ni tupu. Rangi zitatapakaa: safu A itaonekana sawa, safu B itapakwa karibu yote kwa kuwa jumla ya fedha hubadilika kila siku, na safu tatu za mwisho hazitakuwa na rangi. Ikiandikwa `=$D$3<>$D$2`, kila seli itauliza swali la mistari miwili ile ile ya juu, kwa hiyo eneo lote litapakwa au lote litaachwa. Kwenye daftari hili litaachwa lote, kwa kuwa D3 na D2 zina bei moja.

Kosa jingine hujificha zaidi. Excel huichukulia fomula kuwa ni ya seli iliyo hai wakati wa kuandika, yaani ile iliyobaki nyeupe ndani ya eneo lililochaguliwa. Mtu akichagua eneo kuanzia juu kwenda chini, seli hiyo ni A3, na mambo huenda sawa. Akianzia E14 akapanda hadi A3, seli hai ni E14, na Excel itaelewa kwamba mstari wa 14 unapaswa kuulizwa kuhusu mstari wa 3 na wa 2. Mistari ya juu itasukumwa hadi nje ya ukurasa na kuzungukia mwisho wake, ambao katika Excel ni mstari wa 1,048,576. Anayefungua "Manage Rules" na kukuta fomula yenye nambari ya mstari inayozidi milioni moja amekwisha kupata jibu lake. Kanuni ifutwe, eneo lichaguliwe kutoka juu, na fomula iandikwe tena.

Rangi ikishindwa kwa namna tulivu zaidi, yaani ikatokea mstari mmoja kabla au baada ya mahali pake, chanzo chake mara nyingi ni eneo na fomula kuanzia mistari tofauti. Eneo likianzia mstari wa 2 na fomula ikitaja `$D3<>$D2`, kila mstari utakuwa unalinganisha wa chini yake na wenyewe, na bei mpya ya tarehe 15 itaonekana kama ilianza tarehe 14. Kwa daftari la mafuta, siku moja hiyo inatosha kumfanya mhasibu amwite dereva amuulize jambo ambalo halikutokea.

Kanuni ikiwekwa vizuri kwenye daftari la mfano, mistari saba hupakwa rangi: wa 5, wa 7 na wa 8, wa 10 na wa 11, na wa 13 na wa 14. Namna mistari hiyo ilivyojipanga ndiyo habari yenyewe. Mstari wa 5 uko peke yake. Juu yake bei ni 164.20, na kuanzia hapo ni 167.50 bila kurudi nyuma. Hivyo ndivyo badiliko la kweli linavyoonekana: rangi moja, kisha utulivu katika thamani mpya. Tarehe yake ni 15 Machi, siku ambayo bei mpya zinatakiwa kuanza, na kwa hiyo mstari huo hauhitaji kuulizwa zaidi.

Mistari mingine imepakwa miwili miwili, na sababu yake iko ndani ya fomula. Thamani moja ngeni ikiingia katikati ya thamani zinazofanana, huzaa tofauti mbili: ya kwanza pale inapoingia, kwa kuwa haifanani na ya juu yake, na ya pili pale ya zamani inaporejea, kwa kuwa nayo haifanani na ile ngeni. Mstari wa pili wa jozi hauna kosa lolote. Umepakwa rangi kwa sababu ya jirani yake wa juu. Anayelifahamu hilo huacha kuhangaika na mstari wa chini na kwenda moja kwa moja kwenye ule wa juu wa kila jozi. Asiyelifahamu huweza kuisahihisha bei iliyo sahihi.

Jozi ya kwanza ni mistari ya 7 na 8. Mstari wa 7 unasema Voi. Mafuta yanayoshushwa Mombasa huongezewa gharama ya usafiri yanapopelekwa bara, na kikomo cha EPRA hutofautiana mji kwa mji kwa sababu hiyo. Bei ya 168.10 ni ya halali, ila ni ya mahali pengine. Jozi ya pili ni mistari ya 10 na 11. Mstari wa 10 unasema Mombasa, tarehe 22, wiki nzima baada ya bei mpya, na bei ni 176.50. Tarakimu ni zilezile za 167.50, isipokuwa 6 na 7 zimebadilishana nafasi. Huu ni mkono ulioteleza kwenye kibodi, na kwa lita 90 tofauti yake ni shilingi 810. Risiti ndiyo ya kuamua, na kanuni imekwisha kusema ni risiti gani itafutwe.

Jozi ya tatu ndiyo inayowasumbua watu wengi zaidi. Mistari ya 13 na 14 ina rangi, na bei ya yote miwili ni 167.50, sawa na ya mstari wa 12. Jicho halioni tofauti yoyote, na mtumiaji huanza kushuku kwamba programu imeharibika. Programu haijaharibika. Katika mstari wa 13, 167.50 si nambari. Ni maandishi yanayofanana na nambari, pengine yamenakiliwa kutoka ujumbe wa simu au yameingia kwenye seli iliyokuwa imepangwa kupokea maandishi. Kwa Excel, nambari 167.5 na maandishi yenye herufi sita "167.50" ni vitu viwili tofauti, na `<>` huvitenganisha. Dalili yake ni nambari kuegemea upande wa kushoto wa seli badala ya kulia, na mara nyingi pembetatu ndogo ya kijani kwenye kona ya juu kushoto. Uhakika kamili hupatikana kwa kuandika `=ISNUMBER(D13)` kwenye seli tupu pembeni. Jibu la `FALSE` linamaliza ubishi.

Inafaa kuishukuru rangi hiyo ya mistari ya 13 na 14, kwa sababu imefichua jambo ambalo lingeleta hasara mahali pengine. `AVERAGE` na `SUM` huziruka seli za maandishi bila kutoa onyo. Wastani wa bei ya mwezi ungehesabiwa kana kwamba ununuzi wa tarehe 27 haukuwapo. Dawa ni kuifuta seli, kuhakikisha haijapangwa kuwa ya maandishi, na kuiandika bei upya kwa mkono.

Kuna hali iliyo kinyume, ambapo thamani zote ni nambari halisi, zote zinaonekana sawa, na bado rangi inajaa ukurasa mzima. Hutokea pale bei inapopatikana kwa kugawanya jumla ya fedha kwa lita. Dereva akinunua mafuta ya shilingi 20,000 kwa bei ya 167.50, pampu huonyesha lita 119.40. Akinunua ya shilingi 35,000, huonyesha lita 208.96. Ukigawanya fedha kwa lita, la kwanza hutoa 167.5042 na la pili 167.4962. Seli iliyopangwa kuonyesha tarakimu mbili baada ya nukta huandika 167.50 kote kuwili, lakini fomula hulinganisha kilichomo ndani ya seli na haiangalii kinachoonyeshwa usoni. Tofauti imo, ingawa ni chini ya senti moja. Hapo kila upande hukadiriwa kwanza, ndipo ulinganishwe:

```
=ROUND($D3,2)<>ROUND($D2,2)
```

Fomula hii isitumiwe kiholela. `ROUND` huyageuza maandishi yanayofanana na nambari kuwa nambari kabla ya kuyakadiria, kwa hiyo mistari ya 13 na 14 ingepoteza rangi, ilhali `AVERAGE` ingeendelea kuiruka seli ile ile. Penye bei iliyochapwa kwa mkono, fomula ya kwanza ni bora kwa sababu ni kali. Penye bei iliyopatikana kwa hesabu, ya kukadiria ndiyo yenye maana.

Seli tupu nazo zina tabia zake. Eneo likipanuliwa hadi mstari wa 500 ili kupokea manunuzi ya miezi ijayo, mstari wa 15, ambao bado ni mtupu, utapakwa rangi kwa kuwa utupu si sawa na 167.50. Bei ikisahaulika katikati, mstari usio na bei utapakwa rangi, na ule unaoufuata pia. Sharti la pili huondoa rangi kwenye mistari mitupu:

```
=AND($D3<>"",$D3<>$D2)
```

Kwa fomula hii mstari uliosahauliwa bei hauna rangi, lakini wa chini yake bado unayo. Inawezekana kuandika fomula ndefu inayotafuta bei ya mwisho iliyoandikwa na kuiruka nafasi tupu. Kwa daftari la fedha, hata hivyo, rangi hiyo iliyobaki ni ya kheri, kwa kuwa humwita mwenye daftari aje aone kwamba juu kidogo kuna bei inayokosekana.

Suala la Voi linabaki. Lori linalopita Voi kila wiki litajaza daftari jozi za halali, na mtu anayezoea kuzipuuza jozi za halali ataipuuza pia ile ya kosa. Njia ya kulitatua ni kulinganisha bei za mji mmoja zenyewe kwa zenyewe. Daftari hupangwa kwa mji kwanza, kisha kwa tarehe ndani ya kila mji, na fomula huongezewa sharti kwamba mji uwe uleule:

```
=AND($B3=$B2,$D3<>$D2)
```

Baada ya kupanga hivyo, manunuzi ya Mombasa hushika mistari ya 2 hadi 13, na ule mmoja wa Voi hushuka mstari wa 14. Voi haina rangi tena kwa kuwa juu yake kuna mji mwingine, na Mombasa ya tarehe 19 nayo imepoteza rangi kwa kuwa juu yake sasa ni Mombasa ya tarehe 16. Rangi hufuata mahali thamani zilipo kwa wakati huo, kwa hiyo kupanga upya daftari hubadilisha maswali yote. Ndiyo maana mpangilio wa mistari ni sehemu ya kanuni hii, sawa na fomula yenyewe. Daftari likipangwa kwa wingi wa lita, rangi itajitokeza hapa na pale bila kumaanisha lolote.

Kutenganisha miji kwa macho huhitaji kanuni ya pili, `=$B3<>$B2`, ambayo badala ya rangi huchora mpaka upande wa juu wa mstari. Katika Excel, mipaka ya uumbizaji wa masharti huwa myembamba tu, ile minene haipatikani. Katika Google Sheets mipaka haipo kabisa kwenye uumbizaji wa masharti, na hutumika rangi nyingine ya kujaza au maandishi mazito. Majina ya miji yaandikwe kwa uangalifu: Excel huona "Mombasa" na "MOMBASA" kuwa sawa, lakini "Mombasa" yenye nafasi moja tupu mwishoni kwake ni mji mwingine. Kosa hilo hujulikana kwa mpaka unaochorwa katikati ya kundi la mji mmoja.

Kuchuja ni tofauti na kupanga. Mtu akichuja daftari la awali ili abakiwe na Mombasa pekee, mstari wa 7 hufichwa lakini hauondoki. Mstari wa 8 huendelea kulinganishwa nao na kubaki na rangi, ingawa kwenye skrini ulio juu yake ni wa 6 wenye bei ileile. Kwa upande mwingine, kuchuja kwa rangi, kupitia "Filter by Color", ni njia nzuri ya kukusanya mistari yote iliyopakwa na kuipitia mmoja mmoja, mradi ikumbukwe kwamba majirani zake halisi wamefichwa.

Rangi za uumbizaji wa masharti hazihesabiki kwa fomula ya kawaida, kwa kuwa hazimo ndani ya seli. Anayetaka kujua idadi ya mabadiliko huihesabu tofauti yenyewe:

```
=SUMPRODUCT(--(D3:D14<>D2:D13))
```

Kwenye daftari la awali jibu ni 7. Hesabu hii pia ni njia ya kuikagua kanuni: idadi ya mistari yenye rangi ikitofautiana na jibu hilo, kuna mahali ambapo kanuni haifiki. Mara nyingi sababu ni kunakili na kubandika. Mstari unaponakiliwa na kubandikwa mahali pengine huja na kanuni zake, na eneo lililokuwa moja hukatika vipande. Baada ya miezi kadhaa "Manage Rules", ikiwekwa kuonyesha "This Worksheet", huweza kuorodhesha kanuni kumi na tano zinazofanana, kila moja na kipande chake katika "Applies to". Dawa ni kuzifuta zote isipokuwa moja, kisha kurekebisha eneo lake liwe `=$A$3:$E$500`. Kinga yake ni kubandika thamani peke yake kila inapowezekana, kwa "Paste Special" kisha "Values".

Fomula hizi hufanya kazi vilevile katika programu nyingine kubwa. Google Sheets huiweka kanuni chini ya "Format", kisha "Conditional formatting", kisha "Custom formula is". Huko fomula husomwa kuanzia seli ya juu kushoto ya eneo lililotajwa, kwa hiyo tatizo la seli hai halipo. LibreOffice Calc huiita "Formula is", na badala ya kuchagua rangi moja kwa moja, mtumiaji huchagua mtindo wa seli. Wanaotumia Excel ya Kifaransa, kama ilivyo katika ofisi nyingi za Kongo na Burundi, huandika `ET` mahali pa `AND`, `ARRONDI` mahali pa `ROUND`, na nukta mkato mahali pa mkato kati ya vipengele vya fomula. Fomula ya msingi, isiyo na neno lolote ndani yake, haibadiliki popote.

Kuna kosa moja ambalo kanuni hii haiwezi kuliona kwa asili yake. Karani akiizoea bei ya 164.20, akaikokota chini hadi tarehe 20 Machi bila kutazama risiti, hakuna rangi itakayotokea tarehe 15. Daftari litaonekana safi kuliko lilivyokuwa lilipokuwa sahihi. Kanuni huonyesha tofauti iliyopo, na hapa kosa ni tofauti inayokosekana. Lakini kwa kuwa siku ya badiliko inajulikana, swali linaweza kugeuzwa: ni wapi kipindi kipya cha bei kimeanza na bei haikubadilika? Tarehe ikipunguzwa siku 14, tarehe 15 Machi huwa 1 Machi, na tarehe 14 Machi huangukia siku ya mwisho ya Februari. Kwa hiyo kila kipindi cha EPRA huwa mwezi mmoja kamili, na fomula inaweza kuuliza kama mwezi umebadilika:

```
=AND($B3=$B2,MONTH($A3-14)<>MONTH($A2-14),$D3=$D2)
```

Kanuni hii hupewa rangi yake, tofauti na ile ya kwanza, na huhitaji tarehe ziwe tarehe halisi na daftari liwe limepangwa kwa mji kisha kwa tarehe. Kuna miezi ambayo kikomo cha bei huachwa kilivyokuwa, na mwezi kama huo mstari utapakwa rangi bila kosa kuwapo. Tangazo la mwezi husika likitazamwa, jibu hupatikana. Katika daftari la mfano, baada ya 176.50 kusahihishwa kulingana na risiti na bei ya tarehe 27 kuandikwa upya kama nambari, rangi hii ya pili haitokei popote, na ile ya kwanza hubaki kwenye mstari mmoja tu, wa tarehe 15 Machi.